Kasoro Niliyomficha Wifi

Niseme mapema nisije nikaonekana najipamba: nilimwonea wivu wifi yangu. Sio kile kijiwivu cha kumwona mwenzio kavaa kitenge kizuri ukamuuliza kakinunua wapi. Huu ulikuwa wa kukaa tumboni. Mtu anasifiwa mbele yako, wewe unatabasamu, na ndani unajisemea haya, endeleeni tu, mimi si nipo hapa nimesimama.

Wifi ni mdogo wake mume wangu. Kazaliwa Kigali, kakulia Kigali, na Kiswahili chake ni kile cha mtaa wa Nyamirambo, kila kitu "iko", na Kinyarwanda kinaingia na kutoka bila kupiga hodi. Mimi nimekulia Tanzania, upande wa Kagera, nikaja huku mtu mzima, fundi cherehani tayari na mdomo wangu tayari. Tunaishi Rwezamenyo, humu humu Kigali, nyumba moja na mama mkwe, na chumba cha mbele ndicho ninachoshonea. Wifi ana chaneli ya video. Anachukua kitu, iwe blenda, pasi au jiko la umeme, kinatumika hapa nyumbani siku kadhaa, halafu anawaambia watu uzuri wake na ubaya wake. Anatazamwa hapa, anatazamwa Goma na Bujumbura, anatazamwa mpaka kwetu Kagera. Yeye ndiye anayeongea. Anayeandika anachoongea ni mimi.

Tulianza kwa mzaha. Video yake ya kwanza ilikuwa ya pasi, na alichofanya ni kusoma maneno ya kwenye boksi. "Pasi hii ina muundo wa kuvutia na teknolojia ya kisasa." Nilicheka nikashika mbavu. Nikamwambia, "Hivi wifi, mimi nikikuuliza hii pasi ikoje, utanijibu ina muundo wa kuvutia? Si utaniambia inawahi kupata moto, lakini mvuke wake unatemea maji kwenye shati jeupe?" Akaninyooshea kidole. "Hapo hapo. Andika hivyo."

Nikaandika. Tangu siku hiyo ikawa kazi yangu, na niliijua. Skripti ya namna hiyo haianzi kuandikwa siku ya kuandika, inaanza siku kitu kinapoingia nyumbani. Unakitumia kwa kazi yako ya kweli, sio ya maonyesho, na kila kinachokufurahisha au kukuudhi unakiandika siku hiyo hiyo, maana ukingoja unasahau ulichohisi unabaki na maneno ya boksi. Kila sifa iwe na tukio lake. Huandiki "ni imara", unaandika kilianguka mezani mara mbili na bado kinafanya kazi. Kasoro usiitafute ndogo ya kupakia rangi, ile ya "kasoro yake ni kwamba utakipenda mno". Mtu mzima akisikia hiyo anazima simu. Unasema kitu kimetoka wapi, kama umepewa au umeazimwa. Unasema nani akinunue na nani asikinunue. Na unaongea na mtu mmoja tu. Sio "wapendwa watazamaji". Wewe. Wewe uliyekaa hapo unajiuliza.

Halafu kulikuwa na Mama. Mama mkwe wangu macho yamepungua nguvu, video haziangalii, lakini masikio yake, uongo mbaya, yanasikia sisimizi. Desturi yetu ilikuwa kabla ya kurekodi, wifi anamsomea Mama skripti nzima. Mama anachambua mchele wake, ananyamaza, na sentensi ikisikika kama tangazo anainua kichwa na kuuliza, "Nani huyo?" Hamna zaidi. Akiuliza "nani huyo" maana yake hiyo sio sauti ya mtu anayemjua, sentensi ikafutwe. Ukimwambia "blenda hii ina uwezo mkubwa wa kusaga," Mama: nani huyo? Ukimwambia "itakusagia ndizi na embe, lakini usiiombe ikusagie karanga, mtagombana," Mama anacheka na mchele unamwagika.

Ile ya karanga niliiandika mimi, nikiwa nimekasirika kweli, karanga zimenigandia kwenye kisu cha blenda. Ikumbukeni hiyo.

Maana ndiyo iliyoniletea balaa. Siku moja tulikwenda sokoni Nyabugogo, mimi na wifi, kununua nyuzi na zipu kwa bei ya jumla. Kule watu wanapigana vikumbo, wabeba mizigo wanakupigia kelele upishe, na hapo katikati mama mmoja akasimama akamshika wifi mabega. "Yewe! Si wewe wa kwenye video?" Akamkumbatia. Akaanza kucheka peke yake, akasema, "Usiiombe ikusagie karanga, mtagombana! Sha, nimemwambia mume wangu hiyo mpaka amechoka. Unaongea kama dada yangu." Halafu akataka picha. Akanigeukia, akaniangalia, akanipa kapu lake. Mimi! Nilishike wakati wanapiga picha.

Nikalishika. Nikasimama na kapu la nyanya la watu, namsikiliza anarudia maneno yangu na kumshukuru mtu mwingine. Wifi akasema, "Huyu ndio wifi yangu, ndio anaandika," lakini kelele za pale, na yule mama macho yapo kwenye simu, akajibu tu "ego, ego", yaani ndiyo, ndiyo, na kuondoka. Wifi alikuwa amesema. Lazima niseme kwamba alisema. Ila wivu ukishaingia hausikii ushahidi, na njia nzima ya kurudi sikumwongelesha. Alipouliza nina nini nikamwambia jua.

Kuanzia hapo kila kitu chake kikaanza kunikera. Namna anavyocheka kabla ya kumaliza sentensi. Namna anavyoacha neno langu nililolihangaikia asubuhi nzima na kuweka lake la ovyo, na lake linakuwa bora, hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nikiandika "inanguruma," yeye anasema "inapiga kelele kama iko na deni na wewe," na watu wanacheka mpaka Bujumbura. Nilijaribu kwa siri kujirekodi mwenyewe, mlango nimefunga, simu nimeiegemeza kwenye cherehani. Nikajisikiliza. Mwalimu mkuu anasoma majina ya waliofeli. Nikafuta, nikarudia, mwalimu mkuu yule yule.

Basi katika hali hiyo ndipo ikaja ile mashine.

Muuzaji mmoja mwenye ghala Gikondo alikuwa ameleta vicherehani vya umeme, vile vidogo vyeupe vya kubeba mkononi. Akampigia wifi simu: chukua kimoja, kaa nacho, kitolee video, kisha nirudishie. Akatuma na karatasi yake ya sifa. Wifi akamjibu kama anavyowajibu wote, kwamba bei na dhamana atamwonyesha ahakikishe ni sahihi, lakini maoni hayaoni mpaka siku watu wote wanayaona. Yule bwana akakubali. Wifi akaniletea cherehani mpaka mezani, akasema, "Wifi, hii sasa ni yako. Mimi hata bobini sijui inakaa wapi. Ukisema iko nzuri, iko nzuri. Ukisema mbaya, mbaya."

Na mtaani kwetu habari ilikwishaenea, maana Rwezamenyo kila nyumba ya pili kuna fundi. Jirani yangu mmoja, anayeshona sare za shule, kaki kutwa kucha, akaja kuichungulia mlangoni. Cherehani chake cha miguu kilikuwa kimechakaa, na fundi wa kukitengeneza alikuwa ameshamwambia achague, akitengeneze au anunue kipya. "Sinunui mpaka nisikie video yenu," akasema. "Wewe ni fundi mwenzangu, huwezi kuniingiza mkenge." Nikacheka. Nikamwambia hapana, haiwezekani.

Siku ya kwanza, wallahi, nilikipenda. Kuingiza uzi kumechorwa kwa namba, huhitaji kubahatisha. Bobini inakaa juu, kifuniko chake kinaonyesha ndani, kwa hiyo unaona uzi unapokaribia kuisha, haukuishii katikati ya mshono. Kwa tundu la kifungo, unakipachika kifungo chenyewe kwenye kile kiguu kinachobana kitambaa, unakanyaga, tundu linajishona lenyewe kwa kipimo kile kile. Hakina kelele. Nilishona mshanana wa bibi harusi, vazi la sherehe la huku, kile kitambaa chembamba kinachoteleza, na hakikuvuta hata uzi mmoja. Nikayaandika yote kwenye daftari.

Siku ya tatu nikakipa kaki. Nilishona suruali za sare bila kupumzika, kama jirani yangu anavyofanya. Haikupita nusu saa nikasikia harufu. Nikaweka kiganja upande wa gurudumu la mkono, ndiko mota iliko, pana moto. Nikakizima, nikakiacha kipoe, nikajaribu pindo la jinzi ambapo kitambaa kinajikunja mara nne. Mota ikalalamika, sindano ikaanza kuruka mishono, na cherehani chenyewe, kwa wepesi wake, kikatembea mezani. Ni mashine ya nyumbani. Ni nzuri kwa nyumbani, kwa nguo nyepesi, kwa kushona na kupumzika. Fundi wa kutwa ataiunguza, na fundi wa sare ataiunguza mapema zaidi.

Nilifungua daftari niandike. Na kalamu iko mkononi, wazo likanijia, na nitalisema kama lilivyonijia: hii ni yangu. Hii siyo ya wifi.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Wifi nimpe skripti tamu, yenye kasoro kidogo ya kupita. Aipandishe. Watu washangilie. Siku mbili baadaye mimi fundi nitoke na video yangu, uso wangu, sauti yangu: jamani, kuna jambo hamkuambiwa. Nilifungua ukurasa wa mwisho wa daftari nikaandika joto lote pale, na harufu, na mishono iliyoruka. Jirani yangu nilimfikiria, ndiyo. Nikajiambia siku mbili sio nyingi, hatakuwa amenunua. Ndivyo nilivyojiambia.

Siku ya saba nikampa wifi skripti. Nilikuwa nimeiandika vizuri kuliko zote, Mungu anisamehe. Ilianza, "Wewe unayepeleka kila kifungo kwa fundi, kaa hapa kidogo." Ikasema tumeazimwa na duka, hatukulipwa, tunairudisha. Mshanana ukawemo, tundu la kifungo likawemo. Kwenye kasoro nikaandika: "Ila waya wa kanyagio ni mfupi, kwa hiyo usikae mbali na soketi. Hiyo tu." Na siku ya kurekodi niliichagua mwenyewe, siku ambayo Mama alikwenda kuzuru mgonjwa Nyamirambo. Sikutaka anisikilizie.

Tukaweka mashine mezani karibu na dirisha. Wifi akabandika kimaiki kwenye ukosi, mimi nikashika simu, maana huwa ni mimi ninayemrekodi. Akaanza. Alikuwa mzuri siku ile kuliko siku zote. Mahali nilipoandika "haivuti uzi," akaupapasa mshanana, akasema, "Angalia. Hata mimi naona wivu na bibi harusi." Nikajikuta nacheka nyuma ya simu, halafu nikajichukia kwa kucheka.

Akafika kwenye kasoro. Akasema, "Ila waya wa kanyagio ni mfupi." Akasimama. Akarudia. "Ila waya wa kanyagio..." Akatikisa kichwa.

"Wifi, hapa hapaingii mdomoni," akasema.

"Pasiingie vipi, si maneno machache tu?"

"Oya, nakwambia hapaingii. Mama angekuwa hapa angeuliza nani huyo. Sehemu zote nakusikia wewe, hapa sikusikii." Hakuwa amekasirika, alikuwa anafikiri, ameuma mdomo. Kisha uso ukamng'aa. "Unajua nini? Kasoro za cherehani mimi naziongea kwa haki gani? Wewe ndio fundi. Njoo."

"Niende wapi?"

"Hapa. Kaa." Akaniondolea simu mkononi, akaiweka kwenye kistendi chake, akanivuta mkono akanikalisha kando yake, na kabla sijapanga nguo vizuri akaigeukia simu. "Sasa sikiliza, mpenzi. Mimi cherehani sijui. Mshanana huo sikushona mimi. Maneno mazuri unayoyasikia hapa kila siku, karanga na mengine, anaandika huyu. Ni wifi yangu, ni fundi, amekaa na hii mashine siku saba. Mimi naamini mdomo wake kuliko macho yangu. Wifi, tuambie wewe. Iko na ubaya gani?"

Kile nilichokililia Nyabugogo nikiwa na kapu la watu mkononi, amekitoa, amekiweka mezani mbele ya watu wote, bila kuombwa. Na jicho la simu linaniangalia. Na nikajua kwamba nikisema waya wa kanyagio, nitakuwa nimeusema kwa uso wangu, kwa ufundi wangu, na jirani yangu atakwenda Gikondo kesho asubuhi.

"Inapata moto," nikasema.

Wifi akanigeukia.

"Ukishona kidogo kidogo, nguo nyepesi, utaipenda. Vifungo, pindo la gauni, mapazia, chukua, utanishukuru. Lakini kama wewe ni fundi kama mimi, unakaa kuanzia asubuhi, usiichukue. Siku ya tatu niliishonea kaki, nusu saa haijafika ikanuka. Weka mkono hapa, upande huu wa gurudumu, utasikia moto. Jinzi ya mikunjo minne inaruka mishono, na inatembea mezani, unabaki kuishikilia kama mtoto anayetaka kutoroka. Ikipata moto izime, iache ipoe kabisa. Usiilazimishe. Na kama unashona sare za shule, tafadhali, tengeneza kile chako cha miguu. Nakuomba."

Sauti ilikuwa yangu. Hakukuwa na mwalimu mkuu. Niliisikia mwenyewe wakati inatoka.

"Siku ya tatu?" wifi akauliza. Bado tunarekodiwa. Alikuwa ananiangalia mimi, sio simu. "Kumbe siku ya tatu ulijua?"

"Nilijua."

Macho yake yakafunguka, mdomo ukabaki wazi kidogo, halafu akatoa kicheko kifupi ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Akaigeukia simu. "Basi mmesikia wenyewe," akasema. "Fundi kasema." Akanyoosha mkono akazima.

Alianza kukunja mshanana. Aliukunja vizuri, pembe kwa pembe, akaulaza.

"Skripti umenipa jana," akasema.

"Ndiyo."

"Na mambo ya moto hayakuwamo."

"Hayakuwamo."

"Ulisahau." Hakuuliza. Alikuwa ananifungulia mlango nipite. Ningesema ndiyo, nilisahau, kazi nyingi, yangeishia pale. Anajua kusamehe, wifi yangu, na hiyo nayo nilikuwa naionea wivu.

"Sikusahau," nikamwambia. Nikachukua daftari, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikampa. Alisoma yote. Joto, harufu, mishono, na pale juu nilipoandika kwa herufi kubwa nitakavyoanza: JAMANI, KUNA JAMBO HAMKUAMBIWA.

"Hamkuambiwa na nani?" akauliza. Taratibu kabisa.

Nilianza kumwambia habari ya kapu la nyanya, ya yule mama, ya picha, na kadiri nilivyosema ndivyo ilivyozidi kuwa upuuzi. Nikamwambia hivyo hivyo kwamba ninamwonea wivu, kwamba maneno yangu yakitoka kinywani mwake yanapendwa na kinywani mwangu yananuka chaki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimlenga, hayakudondoka.

"Ungeniambia, wifi," akasema. "Ningekupa simu."

Akaniuliza kama aikate ile sehemu ya siku ya tatu. Nikasema aamue yeye. Hakukata. Aliihariri mchana ule ule akaipandisha nzima, na uso wake ule, na kicheko kile.

Na hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nakitaka. Maoni yalimiminika. "Huyu fundi arudi." "Hivi ndivyo marafiki wanavyoongea." Mmoja aliandika kwamba pale wifi anaposhtuka ni pazuri sana, hakuna mwigizaji anayeweza, inaonekana kabisa jinsi mnavyoaminiana. Nilisoma hiyo mara nyingi. Muuzaji wa Gikondo alipiga simu akataka tuondoe habari ya moto, wifi akamwambia duka ni lake na video ni yake, akakirudisha cherehani kikiwa kimefutwa vumbi. Jirani yangu alipita mlangoni na kipande cha mashine yake kwenye mfuko anakipeleka kwa fundi. "Nilikwambia huwezi kuniingiza mkenge," akasema, na mimi nikajifanya natafuta mkasi.

Mama alirudi akataka kusikia. Wifi akamwekea simu sikioni. Alisikiliza anachambua mchele, na sauti yangu ilipoanza kusema inapata moto, alisimamisha vidole. "Huyo namjua," akasema. Alifurahi sana. Wifi akasema, "Eh, Mama, mimi pia," akainuka kwenda kuweka chai.

Bado namwandikia. Siku hizi mara nyingine tunakaa wote wawili mbele ya simu, na watu wanapenda, na nikienda Nyabugogo nami kuna wanaonisimamisha. Ananiita wifi, ananicheka, ananipikia mchemsho nikiumwa. Hakuna siku amewahi kunitupia lile neno la daftari. Ila zamani nikimpa skripti alikuwa anaishika na kuanza kusoma kwa sauti hapo hapo, amesimama, hajauliza chochote. Sasa anaipokea, anaigeuza nyuma kuangalia kama kuna ukurasa mwingine, halafu ananiuliza kwa upole, bila kinyongo, kama anayeuliza chumvi iko wapi:

"Ndio yote, wifi?"

Namjibu ndio yote. Na ni kweli, ndio yote, kila mara. Kisha naye anachukua kitu chenyewe, anakaa nacho siku kadhaa, anakijaribu mwenyewe.